Ninaacha laini iliyosajiliwa kwa vidole vya kaka yangu: nihamishe vipi uthibitishaji wa hatua mbili bila kujifungia nje?

KatibuWaKikoba (mwanzisha uzi)

Habari za leo, ndugu zangu. Nipo Mwanza na ninaomba ushauri wa watu wanaoyafahamu mambo haya kwa vitendo.

Laini ninayotumia nilipewa na kaka yangu wakati usajili wa alama za vidole ulipopamba moto, kwa sababu mimi nilikuwa bado sijapata namba ya NIDA. Mpaka leo laini hiyo ipo kwa jina lake na kwa vidole vyake. Yeye sasa anaishi Mtwara, na kila nikifikiria simu yangu kuibiwa ninajua kwamba sitaweza kuirudisha laini hiyo mimi mwenyewe, bali itabidi yeye aende dukani hukohuko, kisha anitumie kwa basi. Sasa nimepata kitambulisho changu na nimesajili laini mpya kwa jina langu. Simu yangu inaingia laini mbili, kwa hiyo zote zipo ndani kwa wakati huu.

Namba ya zamani imefungwa na mambo manne: WhatsApp, ambako mimi ni katibu na msimamizi wa kundi la kikoba chetu, Gmail, ambayo nimeiwekea uthibitishaji wa hatua mbili kwa meseji, pesa za kwenye simu, na akaunti ya benki. Kwenye WhatsApp sijawahi kuwasha uthibitishaji huo. Kuna mtu kazini ameniambia nizime kila kitu kwanza, nihame, kisha niwashe upya. Je, ndivyo inavyofanyika? Na laini ya zamani ni salama kuitupa lini?

Kasulu_Mjini

Dada, usijipe presha. Nimebadilisha namba ya WhatsApp mwaka huu na laini ya zamani sikuihitaji hata kidogo. Ingia "Settings", kisha "Account", kisha "Change number". Utaandika namba ya zamani juu na mpya chini, meseji ya uthibitisho itakuja kwenye namba mpya, na makundi yako yote yatahama pamoja nawe. Ukishamaliza hapo, laini ya zamani ivunje utupe, maana haina kazi tena. Ila huyo wa kazini amesema kweli: zima uthibitishaji wa hatua mbili kwanza ili usikusumbue katikati ya safari.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, hongera kwa simu mpya. Nami nilinunua simu nyingine baada ya ile ya kwanza kupasuka kioo, na kijana wangu alinihamishia mazungumzo yote kwa kuzikutanisha simu mbili na kupiga picha ule mraba wenye vidoti. Hakikisha simu zote mbili zina chaji ya kutosha, kwa sababu yangu ilizima katikati tukaanza upya.

KatibuWaKikoba

Shikamoo, Mwalimu. Simu ninabaki nayo hiihii. Kinachobadilika ni namba tu. Nashukuru hata hivyo.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Basi nimesoma haraka. Ila swali linabaki kwa wengine: mtu akibadilisha simu na namba kwa pamoja, kipi kitangulie?

LainiMbili

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye duka la huduma za laini, na nusu ya watu waliokuwa wakija wamejifungia nje ya akaunti zao walikuwa wamefanya mambo yote sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Kwa hiyo nitajibu kwa mpangilio.

Kwanza kwa Mwalimu, maana jibu lake ni fupi: badilisha namba kwanza ukiwa kwenye simu ya zamani, weka nakala ya mazungumzo, ndipo uingie kwenye simu mpya ukitumia namba mpya. Ukianza na simu mpya, nakala yako bado inahesabiwa kuwa ya namba ya zamani, na simu mpya haitaiona.

Sasa dada Katibu. Kasulu_Mjini yuko sahihi kuhusu WhatsApp. "Change number" inahitaji mambo mawili tu: WhatsApp iwe bado hai kwenye simu yako kwa namba ya zamani, na namba mpya iwe na uwezo wa kupokea meseji au simu. Alipokosea ni kudhani kwamba akaunti nyingine zote zina tabia hiyohiyo. Gmail yako, kwa jinsi ulivyoiweka, inamtambua mwenye akaunti kwa meseji inayokwenda kwenye namba ya zamani. Ukiivunja laini leo jioni na kesho simu ikadai uingie upya kwenye akaunti, utaambiwa usome namba iliyotumwa kwenye laini iliyopo jalalani, na wa kuirudisha ni kaka yako peke yake.

Kwa hiyo anza na Google, laini zote mbili zikiwa ndani ya simu. Fungua myaccount.google.com, ingia palipoandikwa "Security", kisha "2-Step Verification". Usizime chochote. Ongeza kwanza, ondoa baadaye: namba mpya iingie ikiwa ya zamani bado ipo, uithibitishe, kisha shuka chini mpaka "Backup codes". Hapo utapewa misimbo 10, kila mmoja una tarakimu 8, na kila mmoja unatumika mara moja tu. Hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango siku ambayo huna laini yoyote mkononi. Iandike kwenye karatasi kwa mkono. Ukibonyeza kupakua, inashuka kama faili la maandishi ndani ya "Downloads", na faili hilo linasomeka na yeyote anayeshika simu yako ikiwa wazi, kwa hiyo ukilipakua lifute baada ya kunakili. Kisha zingatia kwamba ukiomba misimbo mipya, ile ya zamani inakufa yote kwa mara moja. Nimewaona watu wanaotunza karatasi mbili na hawajui ipi ni hai, ndiyo maana ninashauri karatasi iandikwe tarehe.

Ushauri wa kuzima uthibitishaji kabla ya kuhama siukubali. Mtu anauzima Jumatatu, anasema atauwasha akishatulia, na hatulii. Tena unaposhughulikia namba mbili kwa wakati mmoja ndipo meseji za misimbo zinapokuwa nyingi na ndipo mtu anapodanganyika kirahisi.

Ukimaliza Google, hamia WhatsApp kama alivyoeleza Kasulu_Mjini. Mengine tutayazungumza ukifika hapo.

Kasulu_Mjini

Kaka LainiMbili, nimekuelewa, na upande wa Gmail nakubali sikuufikiria kwa sababu mimi sina hatua mbili huko. Lakini kwa nini mtu ajisumbue na karatasi? Piga picha ya skrini, itakaa kwenye picha zako na itajihifadhi yenyewe mtandaoni. Karatasi inaloa.

LainiMbili

Picha hizo zinajihifadhi wapi? Ndani ya akaunti ileile ya Google ambayo misimbo hiyo inaifungua. Siku umefungiwa nje, picha imo ndani. Wazo la kuwa na nakala zaidi ya moja ni zuri, ila nakala isiwe mahali ambapo unahitaji msimbo ili kuufikia msimbo.

KatibuWaKikoba

Nimekaa nayo leo baada ya kazi. Namba mpya imeingia kwenye hatua mbili na misimbo 10 nimeiandika. Imekuja ikiwa imegawanywa nne nne, na nimeinakili hivyohivyo. Jambo lililonishangaza ni kwamba nilipotafuta zaidi nimeikuta namba ya zamani sehemu nyingine, palipoandikwa "Recovery phone", ingawa nilikuwa nimeshaiweka mpya kule mwanzo. Nilidhani kubadilisha sehemu moja kunabadilisha zote. Je, niifute na hiyo? Na kuna hatari gani nikiiacha?

LainiMbili

Umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Google inaitunza namba yako katika zaidi ya sehemu moja. Iliyo chini ya hatua mbili ni ya kukuuliza unapoingia. Ile ya "Recovery phone" ni ya kukurudisha ndani ukisahau nenosiri au wanapotilia shaka kwamba ni wewe. Ukihama kwenye moja na kuiacha nyingine, namba ya zamani inabaki na nguvu juu ya akaunti yako, nguvu kubwa hata kuliko ulivyodhani. Ibadilishe sasa. Fahamu tu kwamba kwa muda wa siku 7 baada ya kuibadilisha, Google inaweza bado kukubali kutuma msimbo kwenye namba ya awali. Wameweka hivyo makusudi, ili kama aliyeibadilisha ni mwizi, mwenyewe apate nafasi ya kuirudisha akaunti yake. Kwako maana yake ni kwamba ndani ya wiki hiyo laini ya zamani iwe mikononi mwako, siyo kwa mtu mwingine wala jalalani.

Binti_wa_Salalah

Naomba niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu hapa mnazungumzia laini kutupwa kama vile ikitupwa imekufa.

Nilipokuja Oman niliiacha laini yangu ya nyumbani ndani ya droo kwa mama, Tanga. Sikuiwekea vocha wala hakuna aliyeitumia. Mtandao ukaifunga kwa kukaa kimya, na baadaye namba ileile ikauzwa kwa mtu mwingine kama laini mpya. Sikujua lolote, mpaka siku moja nikaona kwamba nenosiri la akaunti yangu ya mtandao wa kijamii limebadilishwa. Nilipompigia huyo mwenye namba alikuwa kijana mpole kabisa, siyo mwizi wa kazi. Alikuwa akijisajili kwenye mtandao huohuo kwa namba yake mpya, akaambiwa kwamba namba hiyo tayari ina akaunti, akabonyeza kwamba amesahau nenosiri, msimbo ukamjia yeye, akaingia. Kwa macho yake alikuwa akifungua akaunti yake, hata alipoona picha zangu ndipo aliposhtuka.

Gmail yangu haikuguswa, kwa kuwa hiyo nilikuwa nimeiwekea programu ya Google Authenticator kabla ya kusafiri. Ile haihitaji laini wala bando. Inatoa tarakimu 6 kila baada ya sekunde 30, hata ukiwa ndani ya ndege. Kwetu tulio nje ndiyo nafuu kubwa, kwa sababu meseji za nyumbani huku mara zinafika, mara hazifiki. Iliwahi kunikatalia mara moja tu, na kisa kilikuwa saa ya simu: nilikuwa nimeiweka kwa mkono nikakosea dakika kadhaa. Nilipoirudisha ijiweke yenyewe, ikakubali.

Mzee_wa_Pasiansi

Bi Salalah, pole sana. Nami niongeze kwa huyu binti yetu wa kikoba. Mimi karatasi za namna hiyo ninazitia kwenye bahasha ya vyeti na hati ya kiwanja. Kitu kilichokaa pamoja na hati ya kiwanja hakipotei ovyo, maana hata watoto wanajua hapo hapachezewi.

Binti_wa_Salalah

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwa hati ya kiwanja ndipo ndugu wote hukimbilia kukiwa na jambo. Mimi nisingeweka hapo. Misimbo yangu mitano anayo mama, na mitano ninayo hapa, na karatasi ya mama haina jina la akaunti wala haijaandikwa ni ya nini.

Mzee_wa_Pasiansi

Marahaba. Na siku mama akiulizwa hiyo karatasi ya tarakimu tupu ni ya nini, ataitupa. Kila nyumba na watu wake.

KatibuWaKikoba

Kwangu ninaona niifuate njia ya mzee, ila kwenye kabati la ofisini, kwa sababu nyumba yetu tumepanga na wageni ni wengi.

Leo nimehamisha WhatsApp. Kabla ya kuthibitisha iliniuliza kama ninataka kuwajulisha watu niliozungumza nao, nikachagua wajulishwe. Kwenye kundi la kikoba ikatokea taarifa kwamba nimebadilisha namba, na usimamizi wangu ninao bado. Mwenzangu mmoja anauliza: yeye aliacha tu namba ya zamani, akafungua WhatsApp upya kwa namba mpya, akaomba aingizwe kwenye makundi upya. Ana tofauti gani na mimi?

LainiMbili

Tofauti ipo, na kwa kundi la fedha ni kubwa. Wewe ulipotumia "Change number", akaunti ya namba ya zamani ilifutwa na nafasi yako ndani ya makundi ikahamia namba mpya. Mwenzako ameiacha akaunti ya zamani ikiwa imesimama ndani ya makundi, haina mtu. WhatsApp hufuta akaunti iliyokaa bila kutumika siku 120. Kabla ya hapo, namba ikigawiwa mtu mwingine akaisajili mapema, anaweza kujikuta ndani ya makundi yale. Mazungumzo ya nyuma hatayaona, kwa sababu hayo yamo kwenye simu ya mwenzako, lakini yatakayoandikwa kuanzia siku hiyo atayasoma. Wewe ni msimamizi wa kundi: itoe namba yake ya zamani leo.

Sasa washa uthibitishaji wa hatua mbili huko WhatsApp. Ingia "Settings", "Account", "Two-step verification". Utachagua namba ya siri ya tarakimu 6 na utaombwa barua pepe. Watu wengi huiruka barua pepe, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu ukiisahau namba ya siri na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia upya. Iweke, na iwe hiyo Gmail uliyoimarisha juzi.

Namba ya siri hiyo isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ukiongezewa sifuri mbili, wala isifanane na ya pesa za simu. WhatsApp itakuwa ikikuuliza mara kwa mara ili usiisahau, na utakuwa ukiiandika mbele ya watu kwenye daladala.

KatibuWaKikoba

Nimeiwasha na barua pepe nimeweka. Lakini sasa naomba mnisikilize, kwa sababu nina wasiwasi. Saa chache baada ya taarifa ya namba mpya kutokea kwenye kundi, nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mweka hazina wetu, kwa namba yake na picha yake, unasema hivi: "Samahani katibu, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nirudishie haraka natoa pesa ya mwanachama." Nilipoangalia meseji za kawaida kweli nimekuta msimbo wa WhatsApp ambao sikuuomba. Sijamjibu. Nimempigia simu ya kawaida, akaniambia kwamba tangu asubuhi WhatsApp yake imemtoa na yeye alidhani ni bando. Je, na mimi nimeshaingiliwa? Na yeye afanye nini?

LainiMbili

Wewe hujaingiliwa. Msimbo ukija bila kuuomba, maana yake kuna mtu ameandika namba yako kwenye WhatsApp ya simu nyingine, na bila msimbo huo haendi popote. Usimpe, wala usiubonyeze. Hata kama ungempa, angekutana na namba yako ya siri uliyoiwasha, na hiyo haiji kwa meseji. Ndiyo tofauti ya vitu hivi viwili vinavyochanganywa kila siku kwa kuwa vyote ni tarakimu sita: msimbo wa meseji unathibitisha kwamba laini ipo mikononi mwako, na namba ya siri inathibitisha kwamba ni wewe uliyeiweka.

Mweka hazina ndiye aliyempa mtu msimbo, labda kwa ujumbe wa aina hiyohiyo kutoka kwa mwanachama mwingine. Afungue WhatsApp kwenye simu yake, aandike namba yake, aombe msimbo, auandike. Papo hapo yule mwizi anatolewa. Kama mwizi alikwisha kuwasha hatua mbili na kuweka namba yake ya siri, mweka hazina ataambiwa aiandike, na kwa kuwa haijui atasubiri siku 7. Hizo siku 7 zinauma, lakini mwizi naye anakuwa nje tangu dakika ile msimbo ulipoandikwa. Asikae akajaribu kubahatisha namba hiyo.

Wewe upande wako mtoe mweka hazina kwenye kundi kwa muda, na tangazo la kutotuma fedha kwake usilitoe kwa maandishi peke yake, wapigie simu. Namba iliyowahi kutumika kuomba fedha kwa meseji za kawaida, ujumbe wake unaweza kuutuma kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli huku kwetu.

Kasulu_Mjini

Lakini mwizi alijuaje kwamba katibu amebadilisha namba saa ileile?

LainiMbili

Alikuwa amekaa ndani ya kundi kwa jina la mweka hazina, na taarifa ya kubadilisha namba ilitokea mbele yake kama ilivyotokea mbele ya wengine. Mtu aliyehama namba siku hiyo anapokea misimbo mingi halali, hivyo mmoja zaidi haumshtui. Nisingesema kwamba ilipangwa kwa ajili ya katibu. Huenda alikuwa anapita kwa kila mwanachama.

KatibuWaKikoba

Mweka hazina ameingia. Aliambiwa asubiri siku 7, kama ulivyosema. Mwanachama mmoja alikuwa ameshatuma shilingi 50,000 na hizo hatujui kama zitarudi. Amekwenda kwa mtandao wake na polisi.

Nimebakiza mambo mawili. Benki nimejaza fomu tawini nikiwa na kitambulisho, na wamesema nitapata meseji kwenye namba mpya. Salio la simu nimelihamishia kwenye laini mpya. Ila kaka ananiambia laini ya zamani tuibadilishe umiliki ije kwangu, badala ya kuiacha. Kuna mwenye uzoefu?

Mzee_wa_Pasiansi

Mimi nilibadilisha umiliki wa laini ya marehemu mke wangu na ilikuwa kazi ya siku mbili na makaratasi mengi. Ya mtu aliye hai ni rahisi zaidi, nyote mkifika dukani pamoja na vitambulisho.

Kasulu_Mjini

Mzee, hapo kwenye kufika pamoja ndipo ugumu ulipo. Mtwara na Mwanza siyo Nyakato na mjini. Mimi rafiki yangu aliambiwa kila mmoja anaweza kufika kwenye duka la mji wake, halafu duka la pili likakataa.

LainiMbili

Maduka hayafanani, na sitaki kumwahidi kitu ambacho atakwenda kukikosa dirishani. Kaka yake aanze kwa kupiga *106# kwenye simu yake na kuona ni laini ngapi zipo kwa namba yake ya NIDA, kwa sababu kama ipo hiyo moja, huenda zipo na nyingine alizosahau. Kuhusu umiliki, apige simu huduma kwa wateja kabla ya mtu yeyote kupanda basi.

Vyovyote mtakavyoamua, usiifunge laini mwezi huu. Itie kwenye kitochi, iwekee vocha kidogo na ipigie mara mojamoja ili isihesabiwe kuwa imelala. Kisha fanya jambo moja ambalo ni la mikono tu: fungua meseji zote za zamani za laini ile, tafuta kwa neno "code", halafu "OTP", halafu "verification", halafu "uthibitisho". Kila jina la mtumaji litakalotokea ni akaunti ambayo iliwahi kuitumia namba hiyo. Wewe ulitaja mambo manne. Ninaamini yatakuwa zaidi.

KatibuWaKikoba

Nimetafuta. Ni tisa. Kuna duka la mtandaoni nililonunua mashuka mara moja, tovuti ya maombi ya kazi, na akaunti ya Facebook niliyoifungua nikiwa chuo ambayo nenosiri lake silikumbuki. Hiyo ya mwisho nimeiingia kwa msimbo uliokuja kwenye laini ya zamani, nimeondoa namba, nimeweka mpya.

Binti_wa_Salalah

Hiyo ya Facebook ndiyo ingemfikia mwenye namba wa kesho, dada. Na kwenye hizo nyingine, namba mpya ikishaingia, angalia kama ya zamani imeondoka au imebaki kama ya pili, kwa sababu baadhi yao huiongeza tu na kuziacha zote mbili.

KatibuWaKikoba

Mbili zimeiacha. Ninarudi kuzifuta. Kitochi nimekiweka kwenye chaji dukani kwa jirani, na meseji yoyote ya msimbo itakayoingia humo nitajua kwamba kuna ya kumi.